Mpigo wangu uliovunja kikomo

Kwenye daftari langu la maabara kuna ukurasa wenye namba 0.41 iliyozungushiwa duara jekundu. Duara si langu. Alilichora mwalimu aliyekuwa akinisimamia wakati nasomea shahada ya uzamili, na pembeni yake akaandika maneno mawili tu: "Chini ya nini?"

Wiki ile nilikuwa napima mipigo ya leza, miale mifupi ya mwanga ya takriban femtosekunde 30. Kila mpigo una muda wake na una upana wake wa masafa, yaani rangi ngapi zimebanana ndani yake. Ukizidisha hivyo viwili unapata namba moja isiyo na kizio, na kila maabara ya leza ina karatasi imebandikwa ukutani inayosema namba hiyo ni ngapi kwa umbo gani la mpigo. Kwa umbo la Gauss, lile la kengele, ni 0.441. Mimi nilipata 0.41. Nikaandika kwa furaha kwamba mpigo wetu uko chini ya kikomo. Ningekuwa na akili kidogo zaidi siku ile ningeshtuka badala ya kufurahi.

Karatasi ile ile ya ukutani ndiyo iliyonipa ujasiri, maana mstari wa pili ulisema umbo la sech lina 0.315. Nikajiambia: kumbe 0.441 si kikomo, Gauss anashindwa na wengine. Lakini mihadhara yote niliyoisikiliza ilisema Gauss ndiye bingwa, hakuna mpigo unaomshinda. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli kwa maana moja. Ikabidi nirudi kwenye uthibitisho wenyewe, ule ambao mtihani ulinitaka niukariri na nikaukariri, nione hasa unaahidi nini na hauahidi nini.

Kwa nini kuwe na kikomo chochote? Mtu anayekaza nyuzi mbili za udi ziimbe sauti moja anajua jibu kwa masikio yake. Akizipiga pamoja na zikiwa hazijalingana sawasawa, sauti inapanda na kushuka polepole. Uzi mmoja ukiwa kwenye hezi 110 na mwingine kwenye 110.5, kupanda na kushuka huko kunachukua sekunde mbili kukamilika. Ukizikata nyuzi kwa kiganja baada ya robo sekunde, hakuna sikio litakalozitofautisha. Sauti fupi haina masafa yaliyo wazi, na tatizo haliko kwenye sikio. Liko kwenye sauti yenyewe. Werner Heisenberg na wenzake waliliona jambo hili kwenye chembe mwaka 1927, na mwaka huohuo Earle Kennard akatoa uthibitisho kamili wa kihisabati. Mwaka 1946 Dennis Gabor alilileta kwenye mawasiliano, akaonyesha kwamba hisabati ileile inatawala ishara za simu na redio. Hapo hakuna fumbo la kwanta hata kidogo. Ni tabia ya mawimbi.

Sasa tufanye kazi. Mpigo wetu tuuite f(t). Unaweza kuwa namba changamano, na hilo litakuwa muhimu baadaye. Nguvu yake kwa kila wakati ni |f|², na tunaipima kwa kizio kitakachofanya jumla yake iwe moja:

∫ |f(t)|² dt = 1

Hivyo |f|² inaweza kusomwa kama mgawanyo: nishati ya mpigo imetawanywa vipi kwenye wakati. Tukisogeza saa ili katikati ya mgawanyo huo iwe sifuri, mtawanyiko wake ni σ_t, ambapo

σ_t² = ∫ t² |f|² dt

Kwa upande wa masafa tunachukua badiliko la Fourier la mpigo, F(ω), lililowekewa kigawanyo cha √(2π) ili jumla ya |F|² nayo iwe moja. Mwanga wa leza yangu ulikuwa na urefu wa wimbi wa nanomita 800, yaani unatikisika mara trilioni 375 kwa sekunde, lakini mtikisiko huo tunauondoa kwa kuzidisha f kwa e^(−iω₀t), ibaki bahasha yake tu. Hiyo inahamisha katikati ya masafa hadi sifuri bila kugusa upana. Basi

σ_ω² = ∫ ω² |F|² dω

Kuna hatua moja hapa ambayo bila yake hakuna uthibitisho. Kuzidisha F kwa iω upande wa masafa ni sawa na kuchukua f′, kasi ya badiliko la f, upande wa wakati. Na kwa kuwa badiliko la Fourier halipotezi nishati, tunaweza kuandika

σ_ω² = ∫ |f′|² dt

Napenda kusimama hapa kidogo, kwa sababu mstari huu ndio unaoeleza jambo lote kwa lugha ya kawaida. Upana wa masafa ni kipimo cha jinsi mpigo unavyobadilika kwa ghafla. Ukitaka mpigo mfupi, lazima upande na kushuka ndani ya muda mdogo, na kupanda haraka maana yake f′ kubwa. Tumeshaondoka kwenye ulimwengu wa masafa; kila kitu sasa kiko upande wa wakati, na swali limekuwa: je, t·f na f′ vinaweza kuwa vidogo vyote viwili kwa pamoja?

Hapo ndipo anapoingia mwanahisabati Augustin-Louis Cauchy. Kutolingana kwake kwa mwaka 1821 kulihusu jumla za namba. Viktor Bunyakovsky alikupeleka kwenye intigrali mwaka 1859, na Hermann Schwarz akaja baadaye na kuchukua sifa ambazo Warusi bado wanazidai. Kunasema hivi: kwa vitu viwili g na h,

|∫ g* h dt|² ≤ ∫ |g|² dt · ∫ |h|² dt

Nyota inamaanisha kugeuza alama ya sehemu ya kufikirika. Kwa mwenye kuzoea vekta, hii ni ile kanuni kwamba kivuli cha fimbo hakiwezi kuwa kirefu kuliko fimbo yenyewe. Tuchukue g = t·f na h = f′. Upande wa kulia tunapata σ_t² σ_ω² papo hapo. Upande wa kushoto kuna intigrali ya t f* f′, ambayo ni namba changamano, na urefu wa namba changamano haupungui sehemu yake halisi. Kwa hiyo

σ_t² σ_ω² ≥ |∫ t f* f′ dt|² ≥ (Re ∫ t f* f′ dt)²

Kuna alama mbili za ≥ kwenye mstari huo. Nilipokuwa nakariri kwa ajili ya mtihani niliziona kama moja. Zishikilie, tutazirudia.

Kilichobaki ni sehemu halisi. Ukitazama badiliko la |f|², ambayo ni f* kwa f, unaona kwamba sehemu halisi ya f* f′ ni nusu yake. Basi intigrali yetu ni nusu ya ∫ t (|f|²)′ dt, na hiyo tunaifungua kwa kanuni ya intigrali kwa sehemu:

½ [t |f|²] − ½ ∫ |f|² dt

Kipande cha mabano kinapimwa kwenye pande mbili za mbali kabisa, ambako mpigo umekwisha, kwa hiyo ni sifuri. Kipande cha pili ni nusu ya moja. Jibu ni −½, mraba wake ni robo, na

σ_t σ_ω ≥ ½

Nilimtumia mistari hii rafiki yangu anayefundisha hisabati sekondari. Tangu chuoni tunaitana "mwalimu" kwa utani ambao kwake uligeuka kuwa kazi. Jibu lake lilikuja usiku: "Mwalimu, kile kipande cha mabano umekitupa kwa ruhusa ya nani?"

Nikamwambia mpigo umekwisha huko mbali, |f|² ni sifuri. Akaniuliza kama sifuri mara kitu kisicho na mwisho ni sifuri. Alikuwa na haki. Kujua kwamba |f|² inaenda sifuri hakutoshi. Tunahitaji t kwa |f|² iende sifuri, na t inakua. Jibu la kweli ni zuri kuliko nilivyotarajia. Badiliko la t|f|² ni |f|² jumlisha 2t Re(f* f′). Kipande cha kwanza kina intigrali yenye kikomo, maana ni moja. Cha pili nacho kina kikomo, kwa sababu kutolingana kwa Cauchy, kulekule, kunasema hakizidi 2σ_tσ_ω. Kitu ambacho badiliko lake lina jumla yenye kikomo lazima kitulie kwenye thamani fulani huko mbali. Je, thamani hiyo inaweza kuwa c isiyo sifuri? Ingekuwa hivyo, |f|² ingefanana na c/t huko mbali, na jumla ya c/t haina mwisho, wakati sisi tunajua jumla ya |f|² ni moja. Basi c ni sifuri. Ruhusa imepatikana, kwa sharti moja: σ_t na σ_ω ziwe na kikomo. Na kama mojawapo haina kikomo, hakuna cha kuthibitisha, kwani mzao wake umeshazidi nusu.

Mwalimu alijibu kwa kidole gumba, ambacho kwake ni pongezi kubwa.

Sasa swali la usawa: lini ≥ inakuwa =? Kuna njia ya kufika haraka, inayofanya kazi yote kwa mstari mmoja. Chukua namba halisi λ yoyote na uangalie ∫ |t f + λ f′|² dt. Ni mraba, haiwezi kuwa chini ya sifuri. Ukiifungua, na kutumia ile −½ tuliyoipata, unabaki na

σ_t² − λ + λ² σ_ω² ≥ 0

Hiki ni kipeo cha pili cha kawaida cha kidato cha tatu. Hakishuki chini ya sifuri kwa λ yoyote, kwa hiyo hakina majibu mawili tofauti, kwa hiyo 1 − 4σ_t²σ_ω² haizidi sifuri. Ni kutolingana kwetu tena. Na usawa unapatikana pale tu kipeo hiki kinapogusa sifuri, yaani pale ambapo kuna λ halisi inayofanya t f + λ f′ = 0 kila mahali. Mlinganyo huo unasema kasi ya badiliko ya f ni −(t/λ) mara f yenyewe, na unao jibu la aina moja tu:

f(t) = C e^(−t²/(2λ))

λ lazima iwe chanya, la sivyo mpigo ungekua hadi kusikojulikana. Ukihesabu unakuta λ = 2σ_t². Hiyo ndiyo kengele ya Gauss. Unaweza kuihamisha kwenye wakati, unaweza kuihamisha kwenye masafa kwa kuizidisha na e^(iω₀t), lakini umbo ni hilo peke yake. Hakuna wa pili anayefungana naye.

Basi sech na 0.315 yake imetoka wapi?

Ilinichukua siku nzima kuona kwamba karatasi ya ukutani na uthibitisho havizungumzii upana uleule. σ ni mtawanyiko: kila kipande cha nishati kinahesabiwa kwa mraba wa umbali wake kutoka katikati, kwa hiyo mikia ya mbali ina sauti kubwa. Karatasi ya ukutani inatumia upana wa nusu kimo: unapanda hadi nusu ya kilele na kupima kutoka ukingo hadi ukingo, na kinachotokea chini ya hapo hakihesabiki. Kwa Gauss vipimo viwili vinahusiana kirahisi. Upana wa nusu kimo ni σ mara 2.355. Ukigawa σ_ω kwa 2π kupata hezi za kawaida, kikomo kinakuwa 1/(4π), karibu 0.0796, zidisha kwa 2.355 mara mbili, unapata 0.441. Namba ya ukutani ni kikomo cha kweli kilichotafsiriwa kwa umbo la Gauss tu. Kwa umbo lingine tafsiri hiyo haifai.

Tumpime sech kwa kipimo cha haki. Kwa f = sech(t), σ_t inatoka π/(2√3) na σ_ω inatoka 1/√3. Mzao ni π/6, yaani 0.5236. Amezidi nusu kwa karibu asilimia tano, kama alivyopaswa. Kwenye nusu kimo anaonekana mwembamba kwa sababu kilele chake ni chembamba na mikia yake ni mirefu, na nusu kimo haioni mikia.

Ukitaka kuona udhaifu wa nusu kimo kwa uwazi, chukua mpigo unaowaka ghafla na kufifia polepole: |f|² ni sifuri kabla ya t = 0, halafu e^(−t/τ). Upana wake wa nusu kimo ni τ mara logi asilia ya 2, upana wa masafa yake ni 1/(2πτ), na mzao ni 0.11. Robo ya namba ya Gauss! Lakini kule kuwaka ghafla ni ukingo wima, f′ yake haina mwisho, na σ_ω haina mwisho pia. Mpigo huohuo mmoja ni bingwa wa kupita kiasi kwa kipimo kimoja na ameshindwa kabisa kwa kingine. Hiyo ndiyo sababu siku hizi mtu akiniambia mpigo wake "uko kwenye kikomo", namuuliza lile swali la wino mwekundu.

Kwenye kompyuta jambo hili lina mtego wake. Nilitumia programu fupi kama hii, inayopima σ_ω kwa njia ya f′ badala ya kuhangaika na badiliko la Fourier:

```python
import numpy as np
t = np.linspace(-40, 40, 400001)

def mzao(f):
    p = abs(f)**2
    d = np.gradient(f, t)
    st = np.sqrt((t**2 * p).sum() / p.sum())
    sw = np.sqrt((abs(d)**2).sum() / p.sum())
    return st * sw

print(mzao(np.exp(-t**2)))
print(mzao(1 / np.cosh(t)))
print(mzao((abs(t) < 1) * 1.0))
print(mzao(np.exp(-(1 - 1.112j) * t**2 / 4)))
```

Ya kwanza inatoa 0.5000 na ya pili 0.5236. Ya tatu ni mpigo wa mstatili, wenye kingo mbili wima, na inatoa kama 29. Ukiiamini namba hiyo umeingia mtegoni. Punguza hatua ya t kwa nusu, uone: inakuwa kama 41, yaani imezidishwa kwa √2. Punguza tena, inapanda tena. Namba isiyotulia unapoongeza usahihi ni kompyuta inayokuambia kwa adabu kwamba jibu la kweli halina mwisho. Gauss na sech hawajali hatua unayochagua.

Mstari wa nne unatoa 0.748, na huo ndio unaoturudisha kwenye zile alama mbili za ≥.

Cauchy peke yake anadai tu kwamba t f na f′ ziwe kwenye mwelekeo mmoja. Kigawo kati yao kinaruhusiwa kuwa namba changamano. Ukichukua λ changamano, bado unapata e^(−t²/(2λ)), bado ni kengele ukitazama |f|², lakini ndani yake kuna fezi inayokwenda kwa t². Mpigo wa namna hiyo unatimiza usawa kwenye alama ya kwanza kikamilifu, halafu unapoteza kwenye ya pili, pale tulipotupa sehemu ya kufikirika. Tumetupa nini hasa? Andika f kama A e^(iφ), ambapo A ni ukubwa wake na φ ni fezi. Sehemu ya kufikirika ya f* f′ ni φ′ A². Na φ′ ni masafa ya papo hapo, rangi ya mwanga kwa wakati huo. Kwa hiyo tulichotupa ni

K = ∫ t φ′ |f|² dt

nacho kinapima ni kwa kiasi gani rangi inakwenda pamoja na saa. Kama mpigo unaanza na nyekundu na kumalizia na bluu, K ni chanya. Kama rangi zote zinafika pamoja, K ni sifuri. Usipokitupa, unapata kanuni kali zaidi:

σ_t² σ_ω² ≥ ¼ + K²

Hapa nakiri niliona aibu ya miaka miwili ya kukariri. Kikomo cha nusu kina masharti mawili yaliyotengana: umbo liwe la Gauss, na rangi zisipangane foleni. Unaweza kutimiza moja na kukosa lingine, na maabarani kosa la pili ndilo la kila siku, kwa sababu kioo hulifanya bila kuombwa.

Chukua mpigo wa Gauss wa femtosekunde 30 kwenye nanomita 800. Upana wake wa masafa ni 0.441 gawanya kwa femtosekunde 30, yaani terahezi 14.7, sawa na nanomita 31 kwenye kipimarangi. Upitishe kwenye kioo cha silika chenye unene wa milimita 10, tuseme lenzi nene au dirisha la chemba. Kioo hakiongezi rangi wala hakipunguzi. |F|² inabaki ilivyokuwa na kipimarangi kitakuonyesha nanomita zilezile 31. Kinachofanyika ni kwamba nyekundu inapita haraka kidogo kuliko bluu. Kwa silika kwenye urefu huu wa wimbi, kila milimita inaongeza fezi inayohesabiwa kama femtosekunde za mraba 36, kwa hiyo milimita 10 ni kama 361. Muda mpya unapatikana kwa kuzidisha 30 na √(1 + x²), ambapo

x = 4 ln2 × 361 / 30² = 1.112

Hiyo inatoa 1.496, na mpigo umekuwa wa femtosekunde 45. Mzao wa nusu kimo umepanda kutoka 0.441 hadi 0.66, kwa σ umepanda kutoka 0.5 hadi 0.748, namba ileile iliyotolewa na mstari wa nne wa programu. Na K ni nusu ya x, 0.556, ukijumlisha mraba wake na robo unapata 0.559, ambayo kipeuo chake cha pili ni 0.748. Hesabu imefunga. Mpigo huu bado ni wa Gauss kila upande unapoutazama, na bado hauko kwenye kikomo.

Uzuri ni kwamba kilichopangwa foleni kinaweza kupanguliwa. Jozi ya prizma au vioo maalumu huchelewesha nyekundu, K inarudi sifuri na mpigo unarudi 30. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou walifanya hivyo kwa makusudi na kwa kiwango kikubwa: waliutandaza mpigo kwa foleni ya rangi ili uwe dhaifu, wakaukuza bila kuunguza kifaa cha kukuzia, kisha wakaubana tena. Mwaka 2018 walipata Nobeli kwa kazi hiyo. Umbo baya la masafa, kinyume chake, halipanguliki kwa prizma, maana prizma hugusa fezi tu na |F|² haiguswi.

Nirudi kwenye 0.41 yangu. Hakuna kifaa cha umeme kinachoweza kuona femtosekunde 30 moja kwa moja, kwa hiyo mpigo hupimwa kwa mpigo. Unaugawa mara mbili, unateleza nusu moja juu ya nyingine ndani ya fuwele inayotoa mwanga pale tu zinapokutana, na unachora mwanga huo kadiri unavyoteleza. Mchoro unaotoka ni mpana kuliko mpigo wenyewe, na ili kupata muda halisi lazima ugawe. Ugawe kwa ngapi? Inategemea umbo: 1.414 kwa Gauss, 1.543 kwa sech. Kifaa hakijui umbo. Mtu ndiye anayelichagua kwenye menyu.

Mchoro wangu ulikuwa na upana wa femtosekunde 43. Menyu ilikuwa imeachwa kwenye sech na aliyenitangulia. Ikagawa kwa 1.543, ikanipa 27.9, nikaizidisha na terahezi 14.7 na kupata 0.41, halafu nikaenda kuilinganisha na mstari wa Gauss kwenye karatasi ya ukutani. Mpigo mmoja, maumbo mawili. Kwa sech, 0.41 iko juu kabisa ya 0.315. Kwa Gauss ilibidi nigawe kwa 1.414, nipate 30.4 na mzao wa 0.447. Masafa yalikuwa yanafuata kengele ya Gauss vizuri tu, kwa hiyo 0.447 ndiyo niliyoiandika chini ya duara jekundu.

Ziada ya 0.447 juu ya 0.441 ni kama asilimia moja na nusu. Ukiigeuza kwa kanuni ya kioo, inalingana na milimita moja na nusu ya silika iliyobaki bila kufidiwa, na kwa siku mbili nilitafuta milimita hiyo na nusu kwenye meza, nikisogeza prizma mbele na nyuma. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye mchoro ule nisingeweza kutofautisha 43 na 42, na kosa la femtosekunde moja kwenye 43 ni asilimia 2.3.

Nikaacha prizma ilipokuwa.